FIFO au wastani: saruji ileile, faida mbili tofauti

Wadau wa maduka, hili swali huwa linamkuta mtu siku anaanza kutumia programu ya hesabu. Anaingiza bidhaa, anafika sehemu anaulizwa thamani ya mzigo ipigwe kwa FIFO au kwa wastani, anabonyeza yoyote tu ili aendelee. Baadae mhasibu anakuja na hesabu zake, faida yake haifanani na ya kwenye kompyuta, na hapo kila mmoja anamuona mwenzie kakosea, kumbe wote wako sahihi ila kila mtu anatumia njia yake.

Kwa kifupi kabisa. FIFO inasema mzigo ulioingia kwanza ndo unahesabiwa umetoka kwanza, kwa hiyo ukiuza unakula gharama za zamani kwanza na kinachobaki stoo kinabebwa kwa bei za karibuni. Wastani unasema changanya pesa yote iliyolala stoo, gawanya kwa idadi ya mifuko, kila mfuko unaotoka na kila mfuko unaobaki una gharama hiyohiyo moja. Ile njia ya tatu, ya mzigo wa mwisho kuingia kutoka kwanza, achana nayo, kiwango cha kimataifa cha IAS 2 kiliipiga marufuku kuanzia 2005, Wamarekani ndo bado wanairuhusu kwao.

Halafu kitu kimoja kinachochanganya watu: hizi ni njia za kupiga hesabu, sio amri kwa kijana wa stoo. Saruji lazima uitoe ya zamani kwanza maana ikikaa inashika unyevu na kuganda, hiyo ni lazima hata kama vitabuni unatumia wastani. Na ukitumia FIFO vitabuni halafu kijana akatoa mfuko wa juu ulioshushwa jana kwa sababu ndo uko karibu na mlango, hesabu haziharibiki. Zinazoharibika ni saruji zako za chini.

Sasa tupige mfano, namba nimezitunga ziwe rahisi kufuata, za duka la hadwea kwa miezi mitatu ambayo bei ya saruji inapanda. Mwanzo una mifuko 100 uliyonunua kwa 14,000 mmoja. Unaongeza 100 kwa 16,000. Unauza 120 kwa 18,000. Bei inapanda tena, unashusha 120 kwa 17,500, na wewe unapandisha, unauza 130 kwa 19,500. Stoo inabaki mifuko 70.

Mauzo yote ni 4,695,000, hapo hamna ubishi, pesa imeingia. Ubishi ni hiyo mifuko 250 iliyotoka ilikugharimu shilingi ngapi.

Kwa FIFO unahesabu kutoka nyuma kuja mbele: ile 100 ya 14,000 imeisha yote, 1,400,000. Ile 100 ya 16,000 imeisha yote, 1,600,000. Zimebaki 50 za kufikisha 250, hizo unazitoa kwenye mzigo wa 17,500, ni 875,000. Jumla gharama ya mauzo 3,875,000. Na ile 70 iliyobaki yote ni ya 17,500, kwa hiyo stoo una 1,225,000.

Kwa wastani unaotembea, yaani ule unaopigwa upya kila mzigo unapoingia, unaenda hivi. Mifuko 100 ya 14,000 na 100 ya 16,000 inakupa mifuko 200 ya jumla 3,000,000, wastani 15,000. Ukiuza 120 gharama ni 1,800,000, unabaki na 80 zenye thamani ya 1,200,000. Unashusha 120 za 2,100,000, sasa una mifuko 200 ya jumla 3,300,000, wastani mpya 16,500. Ukiuza 130 gharama ni 2,145,000. Jumla gharama ya mauzo 3,945,000, na 70 zilizobaki ni 1,155,000.

| | FIFO | Wastani unaotembea |
|---|---|---|
| Mauzo | 4,695,000 | 4,695,000 |
| Gharama ya mauzo | 3,875,000 | 3,945,000 |
| Faida ghafi | 820,000 | 750,000 |
| Mzigo uliobaki (mifuko 70) | 1,225,000 | 1,155,000 |

Faida imepishana 70,000. Watu wengi wakiona hapo wanaanza kutafuta hiyo 70,000 imepotelea wapi kwenye mauzo, wanachambua risiti moja moja, wakati haiko huko kabisa. Iko stoo. Mifuko 70 iliyobaki FIFO inaibeba kwa 17,500 na wastani unaibeba kwa 16,500, tofauti ya 1,000 kwa mfuko mara mifuko 70, ndo hiyo 70,000 yako kamili. Kama kipindi kilianza na mzigo wenye thamani ileile kwa njia zote mbili, kama hapa, tofauti ya faida ni tofauti ya thamani ya mzigo uliobaki basi, hamna kingine. Na hiyo ndo njia ya haraka ya kujua kama umekosea hesabu: ukikuta faida zimepishana kwa kiasi kisicholingana na tofauti ya stoo, ujue kuna mahali umechemka, sio suala la njia tena.

Hapo hapo unaona na kitu kingine. Kama ungemaliza mzigo wote mpaka stoo nyeupe, faida zingekuwa sawa kwa shilingi. Kama ungebakiza mifuko 5 tu tofauti ingekuwa 5,000, nani anajali. Kwa hiyo mtu anayeuza mkate au maziwa, mzigo unaingia asubuhi jioni hamna kitu, hili suala halimhusu sana, achague lililo jepesi. Linamhusu mtu mwenye mzigo unaolala: hadwea, vipuri, vitambaa, mitumba ya jumla, pembejeo. Mzigo mkubwa unaolala muda mrefu wakati bei zinacheza, hapo ndo njia uliyochagua inaonekana kwenye faida.

Sasa bei ikigeuka ikashuka? Tuendelee na duka lilelile miezi mitatu inayofata. Unaanza na hiyo 70, unanunua 80 kwa 15,000, unauza 100 kwa 17,000, unabaki na 50. Mauzo 1,700,000.

FIFO inatoa kwanza ile 70 ya 17,500, ambayo ni 1,225,000, halafu 30 za 15,000 ambazo ni 450,000. Gharama ya mauzo 1,675,000. Faida ghafi 25,000! Umeuza mifuko 100 umepata elfu ishirini na tano. Kwa wastani, una 1,155,000 ya zamani kujumlisha 1,200,000 ya mzigo mpya, ni 2,355,000 kwa mifuko 150, wastani 15,700. Mifuko 100 gharama yake 1,570,000, faida ghafi 130,000.

Yaani kipindi cha kwanza FIFO ilikuwa juu, cha pili imeporomoka vibaya. Jumlisha vipindi vyote viwili: FIFO 845,000, wastani 880,000, wamepishana 35,000, na ukiangalia stoo mifuko 50 FIFO inaisoma 750,000 na wastani 785,000, 35,000 hiyohiyo. Faida haijaumbwa wala haijapotea, imehamishwa tu kutoka kipindi kimoja kwenda kingine. FIFO inapokea mabadiliko ya bei kwa kishindo, wastani unayalainisha. Kama una mkopo benki na wanaangalia hesabu zako kila robo mwaka, huo mruko wa kutoka 820,000 mpaka 25,000 utakupa maswali ya kujibu, ingawa hata wastani umeshuka kutoka 750,000 mpaka 130,000, soko lenyewe limekuwa gumu na njia ya hesabu haiwezi kulificha hilo.

Hapa nataka nikae kidogo maana ndo panapoua maduka, na sioni watu wakipaongelea. Rudi kipindi cha kwanza, FIFO inakwambia faida ghafi ni 820,000. Mwenye duka anaiona hiyo, anatoa ada, anatoa kodi ya pango, anafurahi. Lakini ile mifuko 250 iliyotoka ukitaka kuirudisha stoo kwa bei ya siku ile, 17,500, unahitaji 4,375,000. Kwenye mauzo ya 4,695,000 inabaki 320,000 tu. Ile 500,000 nyingine imetokana na kwamba ulikuwa na saruji ya bei ya chini wakati bei inapanda, ni faida kweli kwa sheria za uhasibu, ila ukiitoa dukani mtaji wako kwa mifuko unapungua, shilingi ziko palepale lakini mifuko imepungua. Ndo maana unakuta mtu vitabu vinasema anapata faida kila mwezi na stoo inazidi kuwa wazi.

Wastani unapunguza huo udanganyifu, unakusogeza mpaka 750,000, ila hauuondoi. Nasema hivi kwa sababu kuna watu wanauza wastani kama dawa ya hilo tatizo, sio kweli. Hamna njia kati ya hizi mbili inayokupa bei ya kununulia upya. Bei ya kuuzia ipange kwa kuangalia mzigo unaofata utaununua kwa bei gani, hizi njia ziachie vitabu na kodi.

Nikumbushe pia kwamba wastani wenyewe uko wa aina mbili, na programu na mhasibu wanaweza kupishana hapo hata kama wote wanasema wanatumia wastani. Kuna huo unaotembea nilioupiga juu, na kuna wa kipindi, unaopigwa mara moja mwisho: chukua mzigo wote uliokuwepo na ulioingia, 5,100,000, gawanya kwa mifuko 320, unapata 15,937.50. Gharama ya mauzo inakuwa 3,984,375 na faida ghafi 710,625, chini kuliko zote. Kwa nini? Kwa sababu ile saruji ya 17,500 iliyoingia baadae imechanganywa mpaka kwenye ile mifuko 120 uliyouza kabla hata haijafika. Kwa duka la daftari hiyo inakubalika, ni nyepesi, unapiga mara moja. Kwa duka lenye kompyuta programu nyingi zinazopiga wastani zitatumia unaotembea. FIFO haina hilo tatizo, upige kila siku au upige mwisho wa mwezi jibu ni lilelile, na hilo kwangu ni pointi kubwa ya FIFO kwa mtu wa daftari.

Na tafadhali, wastani sio kujumlisha bei ukagawa kwa idadi ya bei. Nimeona hii mara nyingi: 14,000 kujumlisha 16,000 kujumlisha 17,500, gawa kwa 3, unapata 15,833. Hapana. Lazima idadi ya mifuko iingie. Hapo kwetu tofauti ni ndogo kwa sababu mizigo inakaribiana, jaribu siku umenunua mifuko 20 kwa bei moja na 600 kwa bei nyingine uone. Kwenye Excel, idadi zikiwa safu ya B na bei safu ya C:

```
=SUMPRODUCT(B2:B4,C2:C4)/SUM(B2:B4)
```

Hiyo C iwe gharama kamili mpaka stoo kwako, na nauli ya lori na ushushaji ndani yake, ukitoa punguzo alilokupa wakala. VAT kama umesajiliwa na unarudishiwa usiiweke, kama hujasajiliwa ni gharama yako, iingie.

Kwa hiyo nani achukue ipi. Mimi nikimuangalia mtu wa saruji, nondo, misumari, nafaka za gunia, mafuta ya petroli kwenye tangi, vitu ambavyo mzigo mpya na wa zamani vikishachanganyika huwezi kuvitofautisha na vinaingia mara kwa mara kwa bei tofauti tofauti, nampa wastani unaotembea bila kufikiria sana. Unafata namba mbili tu kwa kila bidhaa, idadi na jumla ya thamani, basi. FIFO kwa huyo mtu inamlazimu kukumbuka matabaka, mifuko 30 ya bei hii, 80 ya bei ile, 120 ya bei nyingine, kwa bidhaa 400 kwa mkono huwezi, utaacha njiani.

Duka la dawa, rangi za kuchanganya, chakula cha makopo, vitu vyenye tarehe ya kuisha na namba ya toleo, hapo FIFO inakaa vizuri maana tayari unafatilia mzigo kwa toleo, gharama inaenda pamoja na boksi lake. Na mtu mwenye bidhaa chache za bei kubwa, mashine tatu nne kwa mwezi, FIFO haimsumbui (ingawa kama kila mashine ina namba yake ya pekee na hazibadilishani, kiwango kinataka ubebe gharama ya ile ile uliyouza, hizi njia mbili hazikuhusu hapo). Unaweza pia kutumia zote mbili duka moja, saruji kwa wastani na rangi kwa FIFO, IAS 2 inachokataa ni vitu vya asili moja na matumizi yaleyale kuvipigia kwa njia tofauti, mfano saruji ya tawi la Mbeya kwa FIFO na ya tawi la Iringa kwa wastani eti kwa sababu mameneja ni tofauti.

Angalia na programu yako inaruhusu nini kabla hujaamua. QuickBooks Online kwa kawaida inatumia FIFO, wakati QuickBooks ya kuinstall kwenye kompyuta kwa kawaida ilikuwa wastani, kwa hiyo mtu akihama kutoka moja kwenda nyingine anaweza kukuta gharama za mauzo zimebadilika na hajagusa kitu. Tally inakuachia uchague kwa kila bidhaa.

Kitu kinachoharibu wastani kuliko vyote ni kuuza kabla hujaingiza manunuzi. Lori limeshusha, ankara ya wakala bado, vijana wanauza, kompyuta inasoma hasi 40. Hapo programu haina gharama ya kutumia, inabeba ya mwisho iliyokuwepo, halafu ukija kuingiza ankara wastani unatoka kitu cha ajabu, mfuko wa saruji unasoma 9,000 au 31,000. Ukiona gharama ya bidhaa moja imeruka hivyo na bei ya soko haijaruka, anza kutafuta siku ambayo idadi ilikuwa hasi. FIFO nayo inaumia kwa hilo ila kosa linabaki kwenye tabaka lake, kwenye wastani linachafua kila mfuko unaofata.

Kuhusu kodi. Sheria ya kodi ya mapato Tanzania inaruhusu zote mbili kwa mzigo usiotofautishika, ila ukishachagua huwezi kubadili bila kibali cha maandishi cha Kamishna. Kampuni inalipa asilimia 30 ya faida, kwa hiyo ile 70,000 ya mfano wetu ni kodi ya 21,000 inayolipwa mapema ukitumia FIFO bei zikipanda, na inarudi kwako bei zikitulia mzigo ukiisha. Zidisha hiyo kwa duka zima lenye mzigo wa milioni mia mbili ndo utajua kama inakusumbua. Mfanyabiashara mdogo anayelipa kwa kiwango cha mauzo na sio kwa faida, hiyo tofauti haimgusi kabisa.

Na wale wanaotaka kurukaruka, bei zikipanda wastani, zikishuka FIFO, ili faida ionekane ndogo kila mwaka, mbali na hicho kibali kuna kiwango kingine, IAS 8, kinataka ukibadili sera uonyeshe kwamba mpya inatoa picha bora zaidi, halafu uzirudie na hesabu za mwaka jana kwa njia mpya ili zilinganike. Ukizirudia tu mkaguzi ataona stoo ya kufungia mwaka jana imebadilika kutoka 1,225,000 kwenda 1,155,000, na swali la kwanza atakalouliza ni kwa nini umebadili mwaka huu.